Kusomea watoto hadisi: sauti, mwendo, na ukimya unaowashika

Katika komine ya Kadutu, mjini Bukavu, mwalimu mmoja wa darasa la pili husomea watoto wake hadisi kila siku ya tano, kabla ya kengele ya kurudi nyumbani. Ni watoto zaidi ya 50 katika chumba kimoja, chini ya mabati. Mara ya kwanza alisoma hadisi yake sawa vile mtu anasoma tangazo: sauti moja, mwendo mmoja, macho kwenye karatasi. Alipofika katikati, wale wa nyuma walikuwa wanavutana mashati. Alipofika mwisho, mtoto mmoja alinyoosha mkono na kuuliza: « Madamu, ni nani alikuwa kwenye mlango? »

Swali hilo lilimuumiza, juu jibu lilikuwa ndani ya hadisi, na alikuwa amelisoma kwa sauti mbele ya wote. Watoto walikuwa wamesikia maneno, lakini hawakuweza kutofautisha ni nani anasema, ni wapi kuna hatari, na ni wapi kuna kicheko. Mambo hayo matatu hayaonekani kwenye karatasi. Ni sauti ya msomaji inayapeleka kwa mtoto.

Hadisi yenyewe ni fupi, karibu maneno 90. Mwalimu aliiandika mwenyewe katika kaye yake. Inafaa kuisoma kwanza hivi ilivyo, kwa sababu yote yanayofuata yanatoka ndani yake:

Usiku mmoja Kobe alikuwa peke yake nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika. Chungu cha maharagi kilikuwa juu ya makala, na harufu yake ilitoka hadi inje. Kobe akasikia kitu. Akaacha kukoroga. Akasikiliza. Ko, ko, ko.

— Nani huyo? akauliza Kobe.

— Ni mimi, shangazi yako. Nifungulie, baridi inaniua, akajibu Fisi.

Kobe akasogea mlangoni. Akashika kufuli. Kiisha akainama, akaangalia chini ya mlango. Akaona miguu yenye manyoya.

— Shangazi, imba kwanza ule wimbo wetu, akasema Kobe.

Inje kukawa kimya. Kiisha sauti nzito ikajibu:

— Wimbo nimeusahau nyumbani.

— Basi rudi ukauchukue, Fisi! akasema Kobe, akacheka, akaendelea kukoroga maharagi yake.

Kusimulia na kusoma ni kazi mbili

Watu wa Mashariki ya Kongo wanajua kusimulia. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, upande wa Walikale, msimuliaji Candi Rureke alitoa hadisi ndefu ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Alisema, aliimba na kucheza ngoma, huku wengine wakimsaidia kwa kupiga mdundo na kuitikia nyimbo. Daniel Biebuyck aliifuatilia na kuiandika, na mwaka 1969 yeye pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu. Kitabu hicho kina maneno ya Rureke. Lakini mdundo, miguu ya mchezaji na sauti za waitikiaji havikuweza kuingia kwenye karatasi.

Mtu anayesoma kitabu mbele ya watoto yuko katika hali hiyo. Mikono yake imeshika kitabu, macho yake yanafuata mistari, hawezi kucheza. Msimuliaji wa moto wa jioni anachagua neno wakati huohuo, na akiona watoto wanasinzia anaweza kugeuza njia. Msomaji amefungwa na maneno ambayo mtu mwingine alipanga. Vilivyobaki mikononi mwake ni vitatu: sauti ipi, mwendo upi, na wapi anyamaze.

Ndiyo maana msomaji anahitaji kitu ambacho msimuliaji hana haja nacho: kreyo. Kabla ya kusoma mbele ya watoto, hadisi inasomwa mara mbili peke yako, kwa sauti, na alama zinawekwa kwenye karatasi. Kama kitabu ni cha kuazima, alama zinaandikwa kidogo ili zifutike, ao hadisi inanakiliwa katika kaye.

Sauti tatu zinatosha

Hadisi ya Kobe na Fisi inahitaji sauti tatu: ya anayesimulia, ya Kobe, na ya Fisi. Ya kwanza ndiyo ya muhimu kupita zote, na ni sauti yako ya kila siku, ile unayotumia kumwambia mtu habari ya kweli. Wasomaji wengi wanaharibu hapa. Wanaanza na sauti ya ajabu tangu neno la kwanza, na Fisi anapofika hawana tena kitu cha kumpa.

Ili kupata sauti ya mnyama, hakuna haja ya kulazimisha koo. Kuna mambo manne ya kubadilisha: sauti kuwa nyembamba ao nene, kwenda mbio ao pole, kuwa kubwa ao ndogo, na umbo la mdomo. Ukibadilisha mawili tu kati ya hayo manne, mtoto anasikia mtu mwingine. Kwa Kobe, mwalimu wa Kadutu aliifanya sauti iwe nyembamba kidogo na ndogo, bila kupunguza mwendo. Kobe ni mnyama wa pole, lakini akisema pole katika kila mstari, hadisi nzima inalala. Kwa Fisi, aliifanya iwe nene kidogo, na midomo akaisukuma mbele sawa mtu anayepuliza moto. Basi. Mdomo ukiwa hivyo, sauti inatoka na mwangwi bila kukwaruza.

Kuna namna mbili za kupima kama sauti umeichagua vizuri. Ya kwanza, iombe ikae hadi mwisho. Sauti iliyo mbali sana na yako itakuponyoka katikati ya ukurasa, Fisi ataanza kusema kama Kobe, na watoto watapotea. Ya pili, mwite mtoto mmoja, afunge macho, na umsomee mistari miwili bila kutaja majina. Akikuambia ni nani anasema, kazi imeisha. Na kama baada ya kusoma unakohoa ao koo linawasha, ujue ulikuwa unasukuma sauti kutoka kooni. Siku inayofuata punguza unene na uache midomo ifanye kazi.

Jambo lingine linahusu zaidi mikoa yetu. Msomaji akitafuta sauti ya Fisi, inakuja haraka ile namna ya kusema ya kabila la jirani, ao ya watu wa mahali fulani, juu watoto watacheka mara moja. Watacheka kweli. Lakini katika darasa kuna mtoto ambaye mama yake anasema hivyo, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye Fisi wakati wa kucheza. Sauti ya mnyama mbaya itafutwe katika mdomo na katika mwendo, isitafutwe katika kabila la mtu.

Jina linalochelewa

Vitabu vingi vya watoto vinaandika mazungumzo hivi: kistari, maneno, kiisha jina la aliyesema. « — Nani huyo? akauliza Kobe. » Kwa jicho hakuna shida, juu jicho linaona mstari mzima mara moja. Kwa sikio ni shida kubwa. Mtoto anasikia maneno kwanza, na jina la aliyesema linafika wakati maneno yamekwisha kupita. Msomaji naye anaweza kuingia katika mstari na sauti isiyo yake, kiisha akagundua kwamba ilikuwa ya mwingine.

Dawa ni kreyo. Pembeni ya kila mstari wa mazungumzo andika herufi moja: K kwa Kobe, F kwa Fisi. Jicho linaona herufi kabla mdomo haujafunguka. Kiisha uangalie kama maneno « akauliza Kobe » yana kazi tena. Kama sauti imekwisha kusema ni nani, yafute. Kama watoto ni wadogo sana ao hadisi ina wanyama wengi, yapeleke mbele: « Kobe akauliza: Nani huyo? » Hadisi haipotezi kitu.

Katika hadisi yetu kuna mahali ambapo jina hilo ni sumu. Fisi amejifanya shangazi. Anasema kwa utamu, anaomba mlango ufunguliwe. Mstari unamalizika na « akajibu Fisi ». Maneno hayo mawili yanatoa siri kama mtu anayepiga kelele katikati ya mchezo wa kujificha. Siku ya pili mwalimu aliyafuta. Hapo akakuta swali lingine: sasa watoto watajua vipi kwamba si shangazi?

Jibu liko katika sauti. Watoto hawashiki pumzi kwa sababu hawajui chochote. Wanashika pumzi wakati wanajua kitu ambacho Kobe hajakijua. Basi ule mstari unasomwa kwa sauti nyembamba ya shangazi, tamu, ya kubembeleza, na katika neno la mwisho sauti inateleza na kuwa nene: « Nifungulie, baridi... inaniua. » Neno moja tu. Watoto wa mbele watafungua macho. Mmoja atasema chini chini: « Ni Fisi! » Kutoka hapo kila hatua ambayo Kobe anapiga kuelekea mlango inawauma wao.

Mwendo: kila « aka » ni hatua

Msomaji mwenye haraka anajulikana kwa saa. Ukurasa wa maneno 100 ya Kiswahili ukiisha kabla ya dakika moja, mtoto wa miaka 7 anakimbia nyuma yako. Hii inahusu zaidi mtoto ambaye nyumbani anasema Mashi, Kilega ao Kinande, na Kiswahili cha kitabu ni kizito kwake kuliko kile cha barabara. Mara ya kwanza mwalimu alimaliza hadisi yake katika sekunde 40. Leo anatumia karibu dakika moja na nusu, na hajaongeza neno hata moja.

Lakini kwenda pole kila mahali kunachosha pia. Mwendo unafaa kubadilika, na Kiswahili chenyewe kinaonyesha wapi. Angalia vitenzi vinavyofuatana: akasogea, akashika, akainama, akaangalia, akaona. Kila « aka » ni hatua moja ya mguu. Wakati hakuna hatari, hatua zinaweza kufuatana mbio, sawa mtu anayeenda soko. Hatari ikikaribia, kila hatua inapewa nafasi yake, na nafasi inaongezeka: akasogea mlangoni, akashika kufuli, kiisha akainama, akaangalia chini ya mlango. Mtoto anatembea na Kobe.

Ukitaka kuvuta neno, livute pale Kiswahili kinapolivuta, yaani kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu husema « akasogeeea », « akasikiliiiza ». Ukivuta ya mwisho, « akasogeaaa », neno linageuka kuwa wimbo na watoto wanacheka wakati usiofaa. Na lisivutwe kila neno. Katika hadisi hii linavutwa moja tu, « akasikiliza », juu hapo ndipo usiku unaingia ndani ya nyumba.

Maneno magumu yanaua mwendo pia. Kama watoto hawajui « kukoroga » ao « kufuli », waelezwe kabla ya hadisi kuanza, kwa mkono ao kwa kitu chenyewe, maneno mawili ao matatu hivi. Msomaji anayesimama mbele ya mlango wa Kobe ili kueleza kufuli ni nini, amekwisha kuufungua mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Ukimya una mahali pake

Wengi wanafikiri mashaka yanaletwa na sauti kubwa. Mara nyingi yanaletwa na kunyamaza, na shida yote ni kujua wapi. Ukimya unakaa kabla ya neno linalofungua siri, si baada yake. « Akaona... miguu yenye manyoya. » Ukinyamaza baada ya « manyoya », watoto wamekwisha kupata kila kitu na hawana cha kungoja. Ukinyamaza baada ya « akaona », kila mtoto anaona kitu chake mwenyewe kwa muda wa sekunde mbili.

Kwenye karatasi, mahali hapo panawekwa mistari miwili ya wima ya kreyo. Wakati wa kusoma, kidole kinabaki kwenye mstari, macho yanainuka na kuangalia watoto, msomaji anahesabu moyoni moja, mbili, na anashuka. Kidole ni cha lazima. Bila kidole, macho yanarudi kwenye karatasi na kutafuta neno, na ukimya wa hadisi unageuka kuwa ukimya wa mtu aliyepotea. Watoto wanatambua tofauti mara moja.

Ukimya mfupi sana unajulikana hivi: hakuna mtoto aliyesogea wala kushika pumzi. Ukimya mrefu sana unajulikana pia: watoto wanaangaliana, ao mmoja anaanza kujibu. Mbele ya darasa, hesabu ya mbili ao tatu inatosha. Kwa watoto wa miaka 4 ao 5, mbili. Kwenye redio ni jambo lingine. Msikilizaji haoni uso wa msomaji, na akikosa sauti kwa muda anafikiri redio imekatika, anaanza kuzungusha kitufe. Hapo ukimya unapunguzwa, ao unafichwa chini ya sauti ndogo: makala yanayolia, tone la maji kwenye bati.

Makosa mawili yanarudi mara nyingi. La kwanza ni kujaza ukimya na swali: « Munafikiri aliona nini? » Swali linawatoa watoto katika nyumba ya Kobe na kuwarudisha darasani, ambapo kila mtu ananyoosha mkono. Maswali yangoje mwisho. La pili ni kunyamaza mahali pengi. Katika hadisi ya maneno 90, ukimya mkubwa ni mbili: kabla ya miguu yenye manyoya, na kabla ya jibu la wimbo. Ukiweka sita, hakuna hata moja inayoshika.

Kunong'ona nako kuna mipaka yake. Kwa watoto watano juu ya mkeka, sauti ndogo inawavuta karibu. Kwa watoto 50, wale wa nyuma hawasikii kitu, na mtu asiyesikia anaanza kucheza. Hapo ni bora kupunguza mwendo na kuacha sauti ibaki na nguvu yake. Na mvua ikipiga mabati, hakuna ufundi unaosaidia. Hadisi inafungwa, watoto wanasogezwa, ao wanangoja ikatike.

Ukurasa ule, siku ya tatu

Siku ya tano ya tatu, mwalimu aliingia na kaye yenye alama. Alianza na sauti yake ya kila siku, bila haraka, kwa sababu sentensi tatu za kwanza zinajenga nyumba: usiku, mvua imekatika, chungu juu ya makala. Kwenye « harufu yake ilitoka hadi inje » aliinua macho kidogo. Sentensi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwita Fisi.

« Kobe akasikia kitu » aliisoma kawaida. « Akaacha kukoroga » akaipunguza. « Akasikiliiiza. » Kiisha akagonga meza mara tatu kwa kidole: ko, ko, ko. Kobe akauliza kwa sauti nyembamba. Shangazi akajibu kwa utamu, na neno la mwisho likateleza. Chumba kikanyamaza, wale wa nyuma pia. Akasogea mlangoni, akashika kufuli, mtoto mmoja akasema « Hapana! » kwa nguvu. Mwalimu hakumjibu na hakumkemea, aliendelea na hatua inayofuata. Akaona... miguu yenye manyoya.

Kutoka hapo mwendo unageuka. Kobe amejua, basi hofu yake imeisha, na sauti yake inasimama. Ombi la wimbo alilisoma kwa upole wa mtu mwenye akili. Baada ya « sauti nzito ikajibu » akahesabu hadi tatu, kiisha Fisi akatoka na sauti yake ya kweli, ya pole, yenye aibu: « Wimbo nimeusahau nyumbani. » Darasa likalipuka kwa kicheko. Mstari wa mwisho aliusoma mbio, juu mtoto anayecheka hataki tena kungoja.

Hapakuwa na swali la « ni nani alikuwa kwenye mlango ». Lakini mwalimu aliona jambo lingine.

Pale mlango unapogongwa

Kwenye kiti cha tatu kulikuwa na mtoto aliyefika shuleni mwaka huo pamoja na ndugu zake, baada ya kukimbia kijiji chao usiku. Kidole kilipogonga meza, aliteremka chini ya kiti na kufunika masikio. Wengine walifikiri anacheza. Alibaki pale hadi mwisho, na kicheko cha wengine hakikumfikia.

Msomaji katika mikoa yetu anahitaji kujua hilo kabla ya kuchagua hadisi. Mashaka ya hadisi ni mchezo mzuri kwa mtoto ambaye mlango wa nyumbani kwake haujawahi kuvunjwa. Kwa yule ambaye uligongwa usiku na watu wenye silaha, ko, ko, ko si mchezo. Mwili wake unajibu kabla akili haijakumbuka kwamba ni Kobe na Fisi. Alama zake ni tofauti na zile za mtoto aliyeshikwa na hadisi. Mtoto aliyeshikwa anasogea mbele, anafungua macho, anaangalia wenzake na kucheka. Yule aliyeumizwa anajikunja, anafunika masikio, anaganda na macho yake hayaangalii mtu, ao anaanza kulia bila sauti.

Ukiona hivyo, usimwite kwa jina mbele ya wote na usimuulize kitu. Shusha sauti irudi ile ya kila siku, ongeza mwendo, toa ukimya uliobaki, na ufike haraka pale Kobe anapocheka. Hadisi isikatwe katikati, juu mtoto akiachwa kwenye mlango, anabaki kwenye mlango huo siku nzima. Kiisha, wakati wengine wanatoka, kaa karibu naye na useme maneno machache tu. Kama hali hiyo inarudi mara kwa mara, ama halali ama haongei, mzazi wake na watu wa afya wajulishwe. Hadisi haiwezi kutibu jambo hilo.

Wiki iliyofuata mwalimu alisoma hadisi ileile, na alibadilisha vitu vitatu. Alisema mwisho kabla ya mwanzo: « Leo tunasoma jinsi Kobe alivyomshinda Fisi. » Hadisi haikuharibika, watoto waliotaka kujua « vipi » waliendelea kungoja. Aliondoa mgongo wa meza: mahali pa ko, ko, ko, Fisi aliita kwa mbali, « Hodiii », na mvutano mrefu wa kuchekesha. Na usiku ukawa mchana. Mvua, chungu na makala vikabaki.

Miguu yenye manyoya ilipofika, alinyamaza kwa hesabu ya moja tu. Yule mtoto wa kiti cha tatu hakuteremka. Alibaki ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, na Fisi aliposema amesahau wimbo nyumbani, alimwangalia mwenzake wa pembeni ili aone kama yeye pia anacheka.